Shangazi anataka kuniuzia hisa zake, nami najua lisilotangazwa

Dada mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mkurugenzi asiye mtendaji katika kampuni moja iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye bodi. Wiki tatu zilizopita tuliitwa kikao cha dharura tukaelezwa kwamba kampuni ya nje inataka kutununua. Bei inayozungumzwa ni shilingi 21 kwa kila hisa, na sokoni leo hisa yetu inauzwa 14. Tumeagizwa tusitoe neno mpaka itangazwe, na huenda ikachukua wiki sita au zaidi.

Jumapili nilikwenda Mombasa kumjulia hali shangazi, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la nne. Mumewe alimwachia hisa 30,000 za kampuni hii hii. Sasa mjukuu wake amepata nafasi chuo kikuu, na anataka kuziuza zote mwezi huu ili alipe karo. Akaniambia, "Mwanangu, sitaki kuhangaika na madalali. Wewe si ndiye mkubwa huko? Zichukue wewe kwa bei ya soko, zibaki nyumbani."

Nilikosa la kusema, nikaahidi nitamjibu Ijumaa. Nikinyamaza akauza, atapoteza shilingi 210,000 nami natazama. Nikimwambia asubiri, nimetoa siri ya bodi. Nimefikiria nizinunue kwa 14, kisha mambo yakitimia nimrudishie tofauti yote, senti isibaki kwangu. Mke wangu, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, anasema ni kosa hata nia ikiwa njema. Kosa liko wapi, ikiwa anayefaidika ni yeye? Na nimjibu nini?

Mwana wa Shangazi, Nairobi

*

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Nilifanya kazi ya ukatibu wa kampuni kwa miaka mingi kabla ya kuanza safu hii, na nimewaona wakurugenzi wengi wakiingia matatani. Wenye tamaa walikuwa wachache. Wengi waliingizwa na jamaa: kaka anayeuliza kwenye matanga, shemeji anayepiga simu usiku, au mama mzee anayeamini kwamba mtoto wake akikaa kwenye bodi basi kampuni ni yake. Nakuelewa kabisa kwa nini usingizi umekuruka.

Kabla ya shangazi, nianze na mkeo. Umemweleza. Sikulaumu, maana binadamu hawezi kubeba jambo kama hili peke yake, lakini kuanzia siku ile naye ni mtu mwenye taarifa ya ndani. Akinunua hata hisa mia moja, au akimdokeza dada yake, sheria itamshika yeye na itakufuata wewe uliyemwambia. Mweleze hivyo leo, waziwazi. Nami hukunitajia jina la kampuni, na ulifanya vyema. Kabla ya kuichapa barua yako nimebadilisha tarakimu na kuondoa mambo mawili ambayo msomaji angeweza kuyatumia kuitambua.

Sasa tuzitazame hizo shilingi 210,000. Umeziandika kana kwamba tayari ziko mfukoni mwa shangazi na wewe unasimama kuziangalia zikianguka. Hazipo bado. Kilichopo ni mazungumzo. Mnunuzi hajamaliza kukagua vitabu vyenu, idhini za serikali hazijatoka, wanahisa wakubwa hawajasema ndiyo. Mazungumzo ya namna hii huvunjika mara nyingi, na yakivunjika baada ya uvumi kuenea, bei ya hisa inaweza kushuka chini ya pale ilipoanzia.

Kuna kesi ya zamani ya Uingereza ambayo kila mwanafunzi wa sheria za kampuni huisoma, nayo inafanana na yako kwa karibu mno. Ni ya mwaka 1902, Percival dhidi ya Wright. Wanahisa wa kampuni ya makaa ya mawe walimwandikia katibu wakiuliza kama anamjua mtu wa kununua hisa zao. Mwenyekiti na wakurugenzi wawili wakazinunua wao, hisa 253, kwa paundi 12 na shilingi 10 kila moja. Baadaye wauzaji wakagundua kwamba wakati ule ule bodi ilikuwa ikizungumza na mtu aliyetaka kuinunua kampuni nzima kwa bei ya juu zaidi. Wakaenda mahakamani, wakashindwa. Jaji alisema mkurugenzi ana wajibu kwa kampuni, si kwa mwanahisa mmoja mmoja. Lakini watu wengi husahau mwisho wa kisa chenyewe: ule ununuzi mkubwa haukutimia kamwe. Shangazi akikusikiliza akangoja, karo ikachelewa, kijana akapoteza nafasi, kisha mnunuzi akaondoka, utamwambia nini?

Usije ukashika hukumu ile ya 1902 ukadhani inakuruhusu kununua. Wakati ule hapakuwa na sheria ya masoko ya mitaji inayokataza jambo hili. Leo kwa kampuni iliyoorodheshwa ipo, na kwa Kenya ni Sheria ya Masoko ya Mitaji, Sura ya 485A. Chini ya sheria hiyo, mtu wa ndani aliye na taarifa ambayo haijatangazwa, na ambayo ikitangazwa itasogeza bei, akinunua au akiuza hisa hizo ametenda kosa la jinai. Adhabu yake ni faini au kifungo, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, inaweza kudai faida irudishwe na kumzuia mtu kuwa mkurugenzi wa kampuni iliyoorodheshwa. Taarifa yenu inaingia humo bila shaka yoyote: bei ya kununuliwa ni mara moja na nusu ya bei ya soko.

Hata ile hukumu yenyewe imepunguzwa nguvu. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya New Zealand ilisikiliza kesi ya Coleman dhidi ya Myers, ya kampuni ya kifamilia ambamo wakurugenzi walinunua hisa za ndugu zao bila kuwaeleza mipango waliyokuwa nayo juu ya mali ya kampuni. Mahakama ikasema kwamba mahali ambapo kuna udugu, kuna kuaminiana, na mwenye hisa hana pengine pa kupata maelezo isipokuwa kwa mkurugenzi, basi mkurugenzi ana wajibu kwa yule mtu mwenyewe. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Nairobi, lakini mawakili wetu huzitegemea hukumu kama hizo. Mama aliyekulea, anayekuambia "zichukue wewe" kwa sababu anakuamini: sijui mahali ambapo maneno yale yangekaa vizuri zaidi.

Unauliza kosa liko wapi ikiwa utamrudishia senti zote. Swali hili nimelifikiria kwa siku mbili, kwa sababu nia yako naiamini. Tazama itakavyokuwa. Hisa za kampuni iliyoorodheshwa haziuzwi sebuleni. Zimo kwenye akaunti za kielektroniki, na mauzo hupita kwa dalali na soko. Rekodi itaonyesha kwamba tarehe fulani, siku chache baada ya kikao cha dharura, jina lako liliingia hisa 30,000. Tangazo likitoka, jambo la kwanza ambalo CMA hufanya ni kurudi nyuma na kutazama nani alinunua katika wiki za mwisho. Tuliliona hilo mwaka 2018, kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilipotangaza kuinunua KenolKobil kwa shilingi 23 kwa hisa, bei iliyokuwa juu sana ya ile ya sokoni. CMA ilizifunga akaunti za watu walionunua kabla ya tangazo, ikaanza kuwauliza walijuaje. Kosa lako litakuwa limekamilika siku uliyonunua. Kilichotokea baadaye kwa zile fedha, na ahadi ambayo hakuna aliyeiandika, ni maelezo ya kujitetea tu.

Halafu kuna Sheria ya Kampuni ya 2015, kifungu cha 146. Kinakutaka ujiepushe na hali ambayo maslahi yako yanagongana na ya kampuni, hasa pale unapotumia mali, taarifa au nafasi iliyo ya kampuni. Haijalishi kama kampuni yenyewe ingeweza kuitumia. Msingi wake ni wa zamani pia. Mwaka 1942 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Regal (Hastings) dhidi ya Gulliver. Kampuni ilitaka kukodi majumba mawili ya sinema kupitia kampuni tanzu, lakini fedha zake hazikutosha kuilipia mtaji wake wote. Wakurugenzi wakatoa fedha zao wenyewe wakazichukua hisa zilizobaki ili mpango usife. Baadaye hisa zikauzwa kwa faida. Hakuna aliyewathibitishia uongo, na kampuni haikupoteza kitu. Bado wakurugenzi waliamriwa kuirudisha ile faida, kwa sababu waliipata kwa kuwa wakurugenzi. Na waliirudisha kwa kampuni. Kwa hiyo hata ukitaka kumpa shangazi ile tofauti, mahakama inaweza kusema hukuwa na haki ya kuigawa, maana haikuwa yako.

Lakini lililonitia wasiwasi zaidi kuliko sheria ni kikao chenu kijacho. Ombi rasmi likija, bodi yenu itawashauri wanahisa walikubali au walikatae. Huenda 21 ni bei ndogo. Huenda mshauri wenu wa fedha akasema kampuni ina thamani ya 25, na kazi yako itakuwa kubana na kusema hapana. Je, utaweza kusema hapana ukiwa na hisa 30,000 ulizonunua kwa 14, na umejiahidi kumpa mama yako 210,000 mambo yakitimia? Utakaa mezani ukitamani mpango ufanikiwe, kwa sababu ambayo hakuna mwenzako anayeijua. Huo ndio mgongano wa maslahi wenyewe, na utakuwa umeanza kitambo kabla hujapata faida yoyote.

Tuje kwenye kumwambia asubiri. Wakurugenzi wengi hudhani kwamba wasipotaja mnunuzi wala bei, hawajatoa siri. Lakini maneno "ngoja kidogo, shangazi" yakitoka kwa mkurugenzi yana uzito kuliko taarifa ya gazeti. Ni kweli kwamba sheria hizi zinamlenga hasa anayenunua au kuuza, na mtu aliyeghairi kuuza ni vigumu kumshitaki. Hilo huwapa watu faraja ya uongo. Mazungumzo hayaishii sebuleni kwake. Atamwambia binti yake kwa nini hauzi tena. Binti atamwambia mumewe, na mume ana akaunti ya hisa. Siku CMA itakapomuuliza yule mume alijuaje, uzi utavutwa mpaka kwako, na wewe utakuwa umemuingiza mzee wako katika mahojiano asiyoyaelewa.

Labda umeshafikiria kumkopesha ile karo ili asihitaji kuuza. Hili lina sura nzuri, na sitakuzuia, ila jiulize swali moja kwa ukweli wa moyo: je, ungemkopesha kama hujui kuhusu lile ombi? Kama kila mwaka unasaidia karo za nyumba ile, basi endelea na desturi yako, na usiifunge na hisa kwa neno lolote. Usiseme "nitalipa, wewe usiuze". Sema "nitachangia kiasi hiki", kisha aamue mwenyewe kuhusu mali yake. Lakini kama hujawahi kutoa zaidi ya elfu ishirini na sasa ghafla unatoa laki nne, shangazi si mjinga. Ataelewa, na itakuwa umemwambia bila kufungua mdomo. Wewe ndiye unayejua desturi ya nyumba yenu, mimi siijui.

Inabaki njia ambayo uliita kunyamaza na kumtazama akipoteza. Mahakama za Marekani zimekuwa zikiufupisha wajibu wa mtu wa ndani kwa njia mbili: afichue, au ajiepushe. Wewe huna ruhusa ya kufichua, kwa sababu siri ni ya kampuni. Kwa hiyo unachobaki nacho ni kujiepusha. Najua inauma. Lakini zingatia kwamba kila siku tangu kikao kile kuna watu wanauza hisa zenu kwa 14 bila kujua: mwalimu mstaafu Kisumu, chama cha akina mama Nyeri, watu usiowajua. Ungemwokoa shangazi, angekuwa ameokolewa kwa kuwa na mtoto kwenye bodi, jambo ambalo wao hawana. Sikuambii hili ili uone haya. Nakuambia kwa sababu kuna kitu unachoweza kuwafanyia wote pamoja, naye akiwemo.

Mwandikie mwenyekiti na katibu wa kampuni, leo, barua fupi. Eleza kwamba jamaa yako wa karibu ana hisa 30,000, kwamba alikuomba uzinunue na wewe hujanunua wala kumshauri lolote, na kwamba mkeo anafahamu suala la ombi. Sehemu hiyo ya mkeo utaona haya kuiandika, na ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu katibu anatakiwa kuweka orodha ya watu wanaojua, na orodha yenye pengo haimlindi mtu yeyote. Kisha katika kikao kijacho uliza bila kumtaja shangazi: tutakaa na jambo hili kimya mpaka lini? Je, biashara ya hisa zetu imeongezeka wiki hizi? Bei ikianza kusogea kabla ya tangazo, ni dalili kwamba siri imevuja, na bodi haina tena sababu ya kungoja. Inaweza kutoa tangazo la tahadhari kwa wanahisa kwamba mazungumzo yanaendelea. Siku hiyo shangazi atajua, kama wote, na ataamua kwa macho yaliyo wazi. Huenda hilo likatokea kabla hajauza, huenda baada yake. Hilo hutaliamua wewe peke yako.

Ijumaa utampigia simu. Ugumu upo hapa: ukikataa kwa sauti ya mtu anayeficha kitu, kukataa kwenyewe ni kidokezo. Kwa hiyo usiitegemeze sababu kwenye mwezi huu, itegemeze kwenye cheo chako. Ningekuwa mimi ningesema hivi: "Shangazi, mimi nikiwa mkurugenzi sinunui hisa za mtu wa nyumbani, wala simshauri mtu auze au asiuze, mwaka mzima. Ndiyo kanuni niliyojiwekea kwa sababu ya cheo changu, na ningekujibu hivi hivi mwaka jana. Nenda kwa dalali mwenye leseni, mweleze unahitaji kiasi gani cha karo na lini, akushauri." Hapo inatosha. Akikuuliza, "Lakini wewe unaonaje?" rudia sentensi ile ile kwa sauti ile ile. Usiongeze "labda". Na maneno hayo yawe ya kweli: baada ya mambo haya kwisha, akikuuliza tena mwakani kuhusu kampuni hii hii, umjibu vivyo hivyo.

Dalali asiyejua siri yenu huenda akamwambia jambo la kawaida kabisa ambalo wewe sasa huwezi kumwambia: kwamba karo ya muhula wa kwanza haihitaji hisa zote 30,000. Hisa 12,000 kwa bei ya leo ni shilingi 168,000, na kwa mama mjane ni kawaida kutouza kila kitu kwa siku moja. Au huenda akauza zote. Usimchagulie dalali, wala usimpigie dalali huyo simu.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, nalo naliona likikungoja. Tangazo litatoka, na shangazi atafanya hesabu. Huenda akasema, "Kumbe ulijua." Sina maneno yatakayolifanya hilo liwe jepesi. Lakini siku hiyo hutakuwa na siri tena, na utaweza kwenda Mombasa ukaketi naye ukamweleza yote: kwamba ulijua, kwamba ulikatazwa, kwamba ulitaka kuzinunua umrudishie na ukaacha kwa sababu zipi. Ukitaka kumpa chochote wakati huo kutoka kwenye mshahara wako, ni zawadi ya mtoto kwa mzazi, na hakuna sheria inayoigusa. Kama atauliza, mwonyeshe ile barua uliyomwandikia katibu. Weka nakala yake, yenye tarehe.